Barua kwa Mwenye Nyumba: Tuthibitishie Anwani ya Jengo kwa Maandishi

Jengo tunalolipanga mjini Nachingwea lina vyumba viwili na baraza tu, lakini katika karatasi lilikuwa na anwani tatu. Mkataba wa pango ulilitaja kuwa ni nyumba namba 14. Stakabadhi ya kodi ya ardhi aliyotuonyesha mwenye nyumba ililitaja kuwa ni kiwanja namba 27, kitalu C. Cheti cha mlipa kodi cha duka letu hakikuwa na namba ya nyumba wala ya kiwanja, bali jina la kata na sanduku la posta la msikiti. Kwa mpita njia, hilo ni jengo moja lenye milango miwili ya bluu. Kwa afisa anayepokea maombi ya leseni ya biashara, hayo ni majengo matatu, naye hana sababu ya kuamini vinginevyo.

Katika vyumba hivyo kamati ya msikiti wetu inaendesha duka la misahafu, juzuu, kanzu na baibui. Faida yake ndiyo inayolipa posho ya walimu wawili wa madrasa. Leseni ilipokaribia kwisha tuliomba ihuishwe, na maombi yakarudishwa na maelezo mafupi: anwani ya mahali pa biashara ioane katika nyaraka zote. Duka lisilo na leseni hufungwa, na duka likifungwa walimu hawana posho. Ndipo tulipoamua kumwandikia mwenye nyumba, anayeishi Ruangwa, tumwombe athibitishe kwa maandishi anwani rasmi ya jengo lake. Tunaieleza barua hiyo hapa kwa sababu familia nyingi hupanga fremu za biashara na vyumba vya kufundishia, na jambo hili huwakuta wakiwa wameshabanwa na tarehe. Namba tunazozitaja tumezibadili ili kusitiri nyumba ya watu.

Kwanza ifahamike kwamba zile anwani tatu si za aina moja. Namba ya kiwanja na kitalu hutokana na upimaji wa ardhi. Inataja kipande cha ardhi kilichomo katika ramani ya upimaji, na kiwanja kimoja kinaweza kubeba nyumba mbili au tatu. Namba ya nyumba, ikiambatana na jina la barabara, hutokana na mfumo wa anwani za makazi. Hiyo inataja jengo lenyewe na mahali mlango wake unapotazama. Sanduku la posta halitaji jengo lolote. Ni kijisanduku kilichopo ofisi ya posta, na mwenye kukitumia anaweza kuhama mji mzima bila namba yake kubadilika. Ndiyo maana afisa akiandikiwa S.L.P. peke yake hawezi kwenda kulikagua duka.

Mkanganyiko huu una historia yake. Kwa miaka mingi watu wa Nachingwea wameelekezana kwa majina ya mahali. Mpaka leo yapo maeneo yanayobeba kumbukumbu ya mpango wa karanga wa Waingereza wa miaka ya 1940, kama vile Farm 17, ambayo baadaye ilijulikana kwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Jina la namna hiyo lina namba ndani yake, lakini si anwani ya nyumba. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2022. Tarehe 8 Februari ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma operesheni ya anwani za makazi, ili kazi iende mbele kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zikaingizwa katika mfumo wa NaPA. Anwani kamili sasa ina namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, kata, wilaya, mkoa na postikodi. Postikodi ina tarakimu tano, na kwa mkoa wetu wa Lindi huanza na 65. Tarakimu ya tatu huonyesha wilaya na mbili za mwisho huonyesha kata. Basi mikataba na vyeti vingi vilivyoandikwa kabla ya hapo havina namba ya nyumba, na vingi vilivyoandikwa baadaye vilinakili namba bila ya kuihakiki.

Namba 14 katika mkataba wetu ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Tuliigundua kwa njia ambayo msomaji yeyote anaweza kuitumia bila ya kwenda ofisi yoyote. Namba za nyumba hupangwa kwa pande: upande mmoja wa barabara huwa ni witiri, na upande wa pili shufwa. Tulisimama barazani tukaangalia vibao vya majirani. Mkono wa kulia ilikuwapo nyumba namba 13, mkono wa kushoto namba 17. Kibao chetu kilikuwa kimebanduliwa wakati ukuta ulipopakwa rangi. Nyumba iliyo kati ya 13 na 17 haiwezi kuwa 14. Namba 14 ilikuwa ng'ambo ya barabara, nyumba ya jirani mwenye cherehani, na aliyeandaa mkataba kwa upande wa mwenye nyumba aliinakili kutoka kwenye kibao alichokiona. Dalili zote zilionyesha kwamba jengo letu ni namba 15. Lakini dalili ya mpangaji si uthibitisho, kwa hiyo namba hiyo tuliipeleka kwenye barua kama jambo la kuthibitishwa.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mwenye nyumba, na si ofisi ya serikali ya mtaa peke yake? Ofisi ya mtaa inaweza kusema nyumba namba 15 ipo na iko wapi. Haiwezi kusema kwamba nyumba hiyo ndiyo iliyopangishwa katika mkataba wetu. Hilo linajulikana na pande mbili za mkataba tu. Wale waliosoma mlango wa ijara katika fiqhi watakumbuka kwamba manfaa yanayokodishwa sharti yajulikane kwa namna inayoondoa ujinga na mzozo. Mkataba unaotaja nyumba ya jirani umeacha mlango wa mzozo wazi, hata kama leo pande zote zinapatana.

Kabla ya kuandika tulijadiliana kuhusu namna ya kuuliza, maana barua ya aina hii huharibika kwa urahisi. Ukimwandikia mwenye nyumba, "Tunaomba anwani ya jengo lako", atakujibu kwa kile anachokikumbuka, na mara nyingi ni sanduku lake la posta au jina la mtaa wa zamani. Afadhali uandike mwenyewe kila kipengele unachokiamini, umwombe akubali au asahihishe. Kosa la pili ni kuomba nakala ya hati ya kumiliki pamoja na anwani. Mwenye nyumba akiona neno "hati" huona kwamba unachunguza umiliki wake, na mazungumzo huishia hapo. Kosa la tatu ni dogo lakini limerudisha maombi ya wengi: juu ya barua ya majibu huandikwa anwani ya anayejibu. Mwenye nyumba wetu anaishi Ruangwa, hivyo barua yake ingebeba anwani ya Ruangwa kichwani, na msomaji wa haraka angedhani duka liko huko. Kwa hiyo anwani ya jengo sharti ikae ndani ya barua, katika mistari yake yenyewe, na itajwe wazi kuwa ni ya jengo lililopangishwa.

Barua tuliyoituma ilikuwa hivi:

"Mzee wetu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

YAH: OMBI LA KUTHIBITISHA ANWANI RASMI YA JENGO TULILOPANGA NACHINGWEA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaendelea kupanga vyumba viwili vya mbele na baraza ya nyumba yenu iliyopo Nachingwea, kwa mkataba uliopo baina yetu.

Tunapohuisha leseni ya duka tumetakiwa kuonyesha anwani moja ya jengo katika nyaraka zote. Mkataba unataja nyumba namba 14. Nyumba zilizo pande zetu mbili ni namba 13 na namba 17, na namba 14 ipo ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo tunaomba mtuthibitishie mambo matatu yafuatayo, au mtusahihishe palipo na kosa:

Kwanza, kwamba jengo tulilopanga ni nyumba namba 15 katika barabara, kata na postikodi tulizoziandika katika karatasi iliyoambatanishwa.

Pili, kwamba nyumba hiyo imejengwa juu ya kiwanja namba 27, kitalu C.

Tatu, kwamba jengo lililotajwa katika mkataba kuwa ni namba 14 ndilo hilo hilo namba 15, wala hatukupangishwa jengo jingine.

Hatuombi hati wala maelezo ya umiliki. Barua hii haibadilishi kiasi cha kodi ya pango, muda wa mkataba wala sharti lolote jingine. Mkiridhika, tunaomba saini na tarehe katika nakala ya pili, kisha mturejeshee kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa leseni inakwisha siku hiyo.

Tunawatakia afya njema ninyi na familia.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Msikiti."

Jambo la tatu katika barua hiyo ndilo lenye uzito zaidi. Mtu anaweza kupata namba sahihi na bado akarudishwa, kwa sababu mkataba mkononi mwake unasema namba nyingine. Sentensi inayofunga namba ya zamani na namba mpya katika jengo moja ndiyo inayofanya mkataba uliopo uendelee kusomeka.

Tuliituma nakala mbili kwa basi, ndani ya bahasha. Wiki ikapita bila jibu. Tulipompigia simu alitupokea kwa heshima, akauliza habari za watoto wa madrasa, kisha akasema, "Wanangu, karatasi hii nimeiona, ila nyumba si ya kusainiwa ovyo." Tukaona jambo hili halimalizwi kwa simu. Wajumbe wawili wa kamati wakaenda Ruangwa.

Mzee alikuwa na hofu mbili, na zote zilistahili kujibiwa. Ya kwanza ilikuwa ya kodi. Alidhani kwamba akiisaini anwani, jengo litaingizwa katika kodi ambayo halikuwamo. Tulimweleza kwamba kodi ya jengo, tangu mwaka 2021, hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na mita ya jengo lile ilikuwa ikikatwa tayari. Ama kodi ya zuio juu ya pango, ambayo mpangaji mwenye biashara huikata kwa asilimia 10 na kuiwasilisha TRA, hiyo hutokana na malipo ya pango. Barua ya anwani haiianzishi wala haiiondoi. Tukamkumbusha kwa hesabu: pango letu ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, na zuio lake ni 72,000, ambazo tumekuwa tukimletea stakabadhi zake. Ushuru wa stempu wa asilimia 1, yaani 7,200, ulilipwa mkataba uliposainiwa. Mzee akazitoa stakabadhi kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akazihesabu, akanyamaza kidogo. Hofu hiyo ikaisha.

Hofu ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ilihusu mirathi. Nyumba ile iliachwa na baba yao. Mzee ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, lakini mgawanyo kwa ndugu zake haujakamilika. Barua yetu ilisema "nyumba yenu", na yeye aliona kwamba akisaini kama mwenye nyumba, dada zake wanaweza kuja kuonyeshwa karatasi hiyo na kuambiwa kwamba kaka alijitangazia umiliki kwa kamati ya msikiti. "Msikiti ukishaandika," alisema, "watu huamini."

Hapa ni lazima tueleze mpaka wa anwani. Namba ya nyumba haimpi mtu haki ya ardhi. Haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya haki miliki, kwa leseni ya makazi pale inapotolewa, au kwa hati ya hakimiliki ya kimila katika ardhi ya kijiji. Kibao ukutani huonyesha jengo lilipo, na hakisemi ni la nani. Lakini maneno ya barua yanaweza kusema zaidi ya kibao, na hilo ndilo mzee alilolihofia kwa haki. Dawa yake haikuwa kumshawishi asaini vile vile. Tuliiandika upya karatasi ya uthibitisho ili imlinde yeye na ndugu zake pia.

Tulibadilisha mambo mawili. Badala ya "mwenye nyumba" tukaandika "msimamizi wa mirathi na mpangishaji kwa mujibu wa mkataba", ambayo ndiyo nafasi yake ya kweli. Kisha tukaongeza sentensi hii mwishoni: "Uthibitisho huu unahusu utambulisho na mahali lilipo jengo tu, hauthibitishi wala kuhamisha haki ya umiliki ya mrithi yeyote." Mzee aliomba binti yake amsomee mara mbili. Akamwita mdogo wake aliye jirani, akasaini mbele yake, na mdogo akasaini kama shahidi. Tuliomba shahidi huyo kwa makusudi, kwa sababu ndugu aliyeshuhudia leo hatashangazwa na karatasi kesho.

Baada ya saini kazi haikuisha, na mpangilio wa hatua zilizofuata ni muhimu. Kwanza tuliipeleka karatasi ofisi ya serikali ya mtaa Nachingwea. Mtendaji aliilinganisha namba 15 na kumbukumbu zake, akathibitisha jina la barabara na postikodi, akagonga muhuri. Kama namba ingekuwa tofauti na kumbukumbu, saini ya mzee isingeisahihisha. Ingebidi kumbukumbu zihakikiwe kwanza, kisha yeye asaini upya. Pili, tuliandika nyongeza ya mkataba yenye aya moja, ikisema kwamba palipoandikwa namba 14 pasomeke namba 15, ikasainiwa na pande zote mbili. Hatukufuta wala kuandika juu ya mkataba wa awali, kwani mkataba wenye mfuto huzua shaka kuliko wenye kosa. Tatu, tukaomba TRA isahihishe mahali pa biashara katika taarifa za mlipa kodi. Mwisho kabisa ndipo tulipoyarudisha maombi ya leseni, nyaraka zote zikiwa na mistari ile ile ya anwani, herufi kwa herufi.

Tunasisitiza herufi kwa herufi kwa sababu yule anayelinganisha karatasi halijui jengo. "Barabara ya Sokoni" na "Mtaa wa Soko" kwake ni mahali pawili. Tuliiandika anwani mara moja katika karatasi ndogo, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la kamati, na kila anayejaza fomu huinakili kutoka hapo.

Leseni ilitoka siku nne baada ya ile ya zamani kwisha. Siku hizo nne duka lilifungwa, na mama mmoja aliyekuja kununua juzuu ya mwanawe alirudi mikono mitupu. Walimu walilipwa mwezi huo kwa kukopa kutoka mfuko wa matengenezo, na deni hilo limesharudishwa.

Mkataba wetu unahuishwa Muharram ijayo. Tumekwisha andaa rasimu, na aya yake ya kwanza, kabla ya kutaja kodi ya pango na muda, inataja nyumba namba 15, barabara yake, kata, postikodi, kiwanja na kitalu. Kibao kipya kimepigiliwa juu ya mlango wa kushoto, kwa misumari, mahali ambapo mpaka rangi hatalazimika kukigusa.